Dakika 20 za mgeni wa kikoba: pesa ya mtandaoni ianze kwa anayelipa

Katika vikoba vingi mgeni hupewa nafasi ya kuzungumza hisa zikishanunuliwa, faini zikishakusanywa, na kabla sanduku halijafungwa. Anapewa kama dakika 20, kwa sababu wanachama wameacha meza sokoni na watoto nyumbani. Zamani mgeni huyo alikuwa bwana shamba au muuguzi wa zahanati. Siku hizi ombi linalorudi mara kwa mara ni moja: tuletee mtu atuambie namna ya kupata pesa kwa simu bila kutapeliwa.

Hotuba ya namna hiyo inaweza kusaidia sana, na inaweza pia kuwa ndiyo mlango ambao utapeli unaingilia kikundini. Inaharibika mapema kabisa, pale mgeni anapoanza kutaja majina ya tovuti na programu. Wanachama wataandika majina, na jina lililotajwa mbele ya mwenyekiti husikika kama limepitishwa na kikao. Miezi mitatu baadaye programu imebadilika au imetoweka, lakini jina limebaki kwenye daftari. Maoni yetu ni kwamba mgeni asianze na orodha hata kidogo. Aanze na swali ambalo kila mfanyabiashara wa gengeni analielewa: katika kazi hii, mnunuzi ni nani, ananunua nini, na fedha yake inanifikiaje?

Ili kuona kwa nini swali hilo ndilo linalookoa, lazima kwanza tutazame jinsi kikoba kinavyoamini. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Fedha inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na kila mmoja anaona muhuri ukigongwa kwenye kitabu chake. Ushahidi wa kikoba ni macho ya wanachama. Mfumo huu ni mzuri sana kwa fedha iliyo ndani ya chumba. Ila unamwandaa mwanachama kuamini kitu kingine chochote kinachoonyeshwa kwa macho, ikiwemo meseji ya malipo kwenye simu ya jirani yake.

Mwaka 2009, Serikali ilipozuia shughuli za DECI, mpango wa upatu, watu wengi walikuwa wameingia kwa ushuhuda wa kanisani na wa majirani. Lugha yenyewe ilikuwa ya kupanda na kuvuna, na waliotangulia walikuwa wamevuna kweli. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Jeshi la Polisi lilikuwa linakamata watu wa mpango uliojulikana kama LBL, ambao watu waliweka fedha kwa ahadi ya kulipwa wakiangalia vipande vya filamu kwenye simu. Miaka 16 imepita kati ya mipango hiyo miwili, simu zimebadilika, lakini kiungo kilichobeba yote miwili ni kilekile: mtu unayemfahamu anakuambia, "Mimi nimelipwa, angalia."

Mgeni mwenye ujuzi atatumia dakika zake tano za kwanza hapo, akionyesha kwa hesabu kwa nini "nimelipwa" inaweza kuwa kweli na mpango ukawa wizi. Tuchukue mpango wa kawaida wa "kazi ndogondogo". Unajiunga kwa shilingi 60,000, kila siku unabonyeza video au kupenda kurasa, na unalipwa 3,000. Kikoba kizima cha watu 30 kinajiunga siku moja. Mwenye mpango amepokea 1,800,000. Anachukua asilimia 30 iwe yake, yaani 540,000, na kubakiza 1,260,000 za kulipia. Kila siku anatakiwa kulipa 90,000. Fedha hiyo inatosha siku 14.

Katika siku hizo 14 hakuna anayecheleweshewa malipo. Mama wa viti vya mbele ametoa 3,000 zake, zimeingia kwenye simu, amenunulia sukari. Anasimama kikaoni kushuhudia na hasemi uongo. Lakini ukijumlisha, amepokea 42,000 tu. Bado anadai 18,000 za mtaji wake mwenyewe, na tayari anaita hiyo faida.

Siku ya 14 fedha imekwisha, kwa hiyo lazima waingie wapya. Wakiingia 30 wengine, baada ya mwenye mpango kuchukua sehemu yake zinabaki 1,260,000 nyingine, lakini sasa wa kulipwa ni 60 na siku moja inakula 180,000. Zinatosha siku saba. Ili kuvuka siku saba nyingine lazima waingie wapya 60, kisha 120, kisha 240. Yaani kila wiki idadi lazima iwe maradufu. Ukianza na watu 60 siku ya 14, kufikia siku ya 49 unahitaji watu 1,920, na hapo umeshamaliza mtaa. Ndiyo maana mipango hii huleta "ngazi" na "ofa ya kupanda daraja" wiki ya tatu au ya nne: wanahitaji fedha kubwa kutoka kwa walewale ambao wameshaamini. Dalili ya mwisho ni kutoa fedha kuwa kugumu. Kwanza "mfumo unaboreshwa", kisha unaambiwa ulipe "kodi" au "ada ya uhakiki" ili fedha yako ifunguliwe. Anayelipa ada hiyo huwa anapoteza mara ya pili.

Na katika hesabu yote hiyo hatukumwona mnunuzi. Hakuna mtu aliyetoa fedha kwa sababu video iliangaliwa. Hapo mgeni anaweza kusema maneno kama haya, polepole, akiwatazama:

"Mama Mwenyekiti, mama zangu, baba zangu. Ukiuza vitumbua, anayekulipa ni aliyekula. Kwenye simu pia ni hivyohivyo. Mtu akikuletea kazi ya mtandaoni, usimuulize analipa kiasi gani. Muulize: aliyekula ni nani? Akikujibu kwamba fedha inatoka kwa wanaojiunga, au akikujibu kwa kukuonyesha meseji yake ya malipo, hajakujibu."

Atapingwa. Kuna mzee atasema, "Mwanangu, hata duka unaanza kwa kuweka mtaji." Hoja hiyo ni ya haki na isipuuzwe. Mtaji wa duka hugeuka kuwa mchele na sabuni, ambavyo vinabaki vyako hata mteja asipokuja. Fedha ya kujiunga haigeuki kitu chochote mkononi mwako. Kuna tovuti halali za kazi zinazotoza kitu kidogo kabla hujapata kazi. Upwork, kwa mfano, huuza tiketi ndogo za kuombea kazi. Lakini haitoi ahadi kwamba fedha hiyo itarudi na faida, wala kipato chako hakitegemei kuleta mwenzako. Palipo na ahadi ya faida juu ya kiingilio, au zawadi kwa kila unayemwingiza, mazungumzo yaishie hapo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hotuba ya kutisha tu haimsaidii mtu aliyekuja kutafuta kipato. Kwa wanachama wengi wa kikoba, njia iliyo karibu zaidi ni kuuza kwa watu wa mbali kile ambacho tayari wanakitengeneza. Si ya kuvutia kama "dola", lakini mnunuzi anaonekana, lugha ni yao, na malipo yanaingia kwenye simu ileile wanayoitumia kila siku. Mgeni afanye mfano mmoja hadi mwisho badala ya kugusa kumi juujuu.

Tumchukue fundi cherehani wa Morogoro anayeshona magauni ya kitenge ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Katika kitenge cha yadi 6 anatoa magauni manne, yadi moja na nusu kila moja. Tuseme kitenge ni 24,000. Kwa hiyo kitambaa cha gauni moja ni 6,000. Zipu, uzi na bitana ni 2,500. Anauza 18,000, na nauli ya kifurushi analipa mteja. Anauza magauni 12 kwa mwezi kwa kutumia WhatsApp Business, programu isiyolipiwa inayomruhusu kupanga bidhaa kwenye katalogi yenye picha na bei.

Mwanachama akisikia 18,000 mara 12 ataona 216,000, na wengi huishia hapo. Mgeni aendelee. Vifaa vya magauni 12 ni 102,000. Mifuko ya kufungia ni 6,000. Bando la mwezi 10,000. Bodaboda kwenda stendi mara mbili kwa wiki, 2,000 kila safari, ni 16,000. Makato ya kutoa na kutuma fedha tukadirie 6,000. Jumla 140,000, zinabaki 76,000. Kisha ahesabu saa: kushona saa mbili kwa gauni, jumla 24, kujibu meseji nusu saa kwa siku 26, jumla 13, safari za stendi saa 8. Ni saa 45, na kila saa imemlipa kama shilingi 1,690. Huo ndio ukweli wa kipato cha ziada cha mtandaoni kinapoanza. Ni nyongeza ya kweli kwa familia, na hakifanani na mabango ya laki mbili kwa wiki. Kila mwanachama afanye hesabu hii kwa bei za kwake kabla ya kununua hata zipu.

Hesabu hiyo pia inaonyesha mahali biashara inapokufa. Magauni mawili yakikataliwa kwa mwezi, mapato yanashuka 36,000 na zile 76,000 zinakuwa 40,000. Kwa hiyo karibu juhudi zote za mwanzo ziende kwenye kuzuia kukataliwa, na sababu zake kubwa ni mbili: vipimo na rangi.

Vipimo visichukuliwe kwa umri. Watoto wawili wa miaka minne wanaweza kutofautiana kabisa, na mama anayeagiza akiwa Dodoma hatakuwa na muda wa kubishana. Fundi aombe namba mbili: mzunguko wa kifua, na urefu kutoka begani hadi anapotaka gauni liishie. Mteja asiye na futi apime kwa kamba, kisha ailaze kamba juu ya rula. Namba hizo azitume kwa maandishi, si kwa sauti, ili kesho ziweze kusomwa tena na wote wawili.

Rangi huharibiwa na taa ya usiku na mapambo ya kamera. Gauni lipigwe picha asubuhi, karibu na dirisha au kibarazani kivulini, bila kupambwa. Picha tatu zinatosha: mbele, nyuma, na moja ambayo mafundi wengi hawaifikirii, gauni likiwa limegeuzwa nje-ndani, mshono wa ubavuni ukionekana karibu. Mama anayenunulia mtoto hutazama mshono, maana anajua nguo itafuliwa mara ngapi. Weka futi ya kupimia kando ya gauni kwenye picha ya mbele. Inajibu maswali kabla hayajaulizwa.

Malipo yaende kwa awamu mbili. Nusu, yaani 9,000, kabla kitambaa hakijakatwa; inafidia kitambaa na vifaa hata mteja akipotea. Nusu ya pili baada ya mteja kuonyeshwa picha ya gauni lake lililokamilika, kabla kifurushi hakijaenda stendi. Mteja naye anaogopa kutapeliwa, na ana haki. Mkubalie akupigie kwa video akuone kwenye cherehani. Kifurushi kikikabidhiwa, jina na namba ya simu ya mpokeaji viandikwe kwa kalamu nzito juu ya mfuko wenyewe, si kwenye karatasi iliyobandikwa tu, kisha picha ya risiti ya basi itumwe kwa mteja palepale ukiwa bado stendi.

Jambo moja dogo linaangusha wauzaji wengi bila wao kujua. Ukituma tangazo kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp, linafika tu kwa watu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Unaweza kuwa na wateja 80 kwenye orodha na tangazo likafika kwa 15, ukadhani biashara imekufa. Kwa hiyo mteja akishapokea gauni lake na kufurahi, hapo ndipo pa kumwomba ahifadhi namba kwa jina la kazi yako.

Baada ya kuuza kuna kulindwa kwa kilichouzwa, na hapa mgeni asikimbie. Wizi unaompata muuzaji mdogo haufanani na ule wa mipango ya kujiunga. Unakuja kama mteja.

Wa kwanza ni meseji bandia ya malipo. Imeandikwa vizuri, ina namba ya muamala na salio jipya, lakini mara nyingi imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu badala ya jina la mtandao wa malipo. Usitegemee kuichunguza meseji. Fungua menyu, *150*00# kwa M-Pesa au *150*01# kwa Mixx by Yas, uangalie salio lenyewe. Gauni halitoki mpaka salio limeongezeka. Mteja akikuharakisha kwamba basi linaondoka, basi jingine lipo kesho.

Wa pili ni "nimetuma kimakosa, nirudishie". Wakati mwingine hakuna kilichotumwa. Wakati mwingine kimetumwa kweli, na ukirudisha kwa mkono, mwenzako naye anaomba mtandao urudishe, unakatwa mara mbili. Jibu la heshima ni moja: "Ndugu, piga simu huduma kwa wateja wa mtandao wako, watairudisha wao." Kisha usiitumie fedha hiyo mpaka suala liishe.

Wa tatu unawapata hasa wanaoshona na wanaopika. Anapiga mtu mwenye sauti ya ofisi, anataka sare 200 za shule au chakula cha semina ya siku tano. Bei haombi kupunguziwa. Anachotaka ni 35,000 ya "usajili wa mzabuni" au ya fomu. Rudi kwenye swali la mwanzo: aliyekula ni nani? Mnunuzi wa kweli wa sare 200 ataomba sampuli na ankara. Fedha inatoka kwake kuja kwako. Meseji za namna hii zipelekwe 15040, namba iliyowekwa Tanzania kwa ajili ya kuripoti namba za matapeli.

Wa nne ndio unaoweza kuua biashara nzima kwa dakika moja: kuibiwa WhatsApp yenyewe. Mtu, mara nyingi kwa kutumia akaunti ya mwanakikundi aliyekwisha kuibiwa, anakuandikia, "Shoga, nimekutumia namba sita kimakosa, naomba unitajie." Namba hizo sita ni za kufungulia WhatsApp yako kwenye simu yake. Ukizitaja, unatolewa, na yeye anaanza kuwaandikia wateja wako na kikoba chote akiomba "mkopo wa haraka". Mgeni akumbushe sanduku: mshika ufunguo hampi mwenzake ufunguo, hata mwenyekiti akiuomba kwa upole. Namba ya uthibitisho ni ufunguo wa aina hiyo.

Vipi kuhusu kazi za nje, zenye malipo ya dola? Zipo, na kikoba chenye mwalimu mstaafu au kijana aliyemaliza chuo kinaweza kuwa na mtu wa kuzifanya. Kufundisha Kiswahili kwa wageni kupitia Preply ni mfano halisi. Mgeni aeleze makato bila kuficha: somo la kwanza la majaribio mwalimu halipwi chochote, tovuti inachukua lote. Baada ya hapo inakata asilimia 33 ya kila somo, na sehemu hiyo inapungua kadiri saa zinavyoongezeka hadi kufikia 18. Mwalimu akiweka dola 6 kwa saa, mwanzoni anabakiwa na dola 4 na senti mbili. Ni makato makubwa, lakini tazama yanatoka wapi: yanakatwa kwenye fedha ya mwanafunzi iliyokwisha kuingia. Hakuna kilichotoka mfukoni mwa mwalimu.

Tatizo la kazi hizi kwa hapa nyumbani huja mwishoni, kwenye kutoa fedha. Akaunti ya PayPal ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia, si ya kupokelea, na watu wamefanya kazi wiki nzima ndipo wakagundua. Utaratibu uwe wa kinyumenyume: kwanza fungua njia ya kupokelea, kama Payoneer iliyounganishwa na akaunti ya benki yenye jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Hakikisha herufi zinafanana, maana "Asha" na "Aisha" kwenye nyaraka mbili zinatosha kuzuia malipo. Kisha uliza kiwango cha chini cha kutoa. Ndipo uombe kazi. Na mwenye tatizo la akaunti asikodishe akaunti ya mtu mwingine. Siku mwenyewe akibadilisha neno la siri, kazi yote ni yake.

Kikoba chenyewe kina uamuzi wa kufanya, na mgeni aulete kwa adabu kwa sababu katiba ni yao. Mfuko wa kikundi usiingie kwenye mpango wowote wa mtandaoni, hata kwa kura ya wote. Vikundi hivi vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 katika daraja la nne, kwa kazi ya kuweka na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe, na huko ndiko nguvu yao iliko. Mwanachama anayekopa kwa ajili ya biashara ya mtandaoni aeleze kwenye fomu vitu viwili zaidi: mnunuzi ni nani, na mkopo unageuka kuwa kitu gani. Fundi wetu akikopa 102,000 za vitambaa na vifaa kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, anarudisha 107,100; riba ya 5,100 inatoka kwenye zile 76,000 na bado anabakiwa na 70,900. Anayeandika "kujiunga" au "kupanda ngazi" ameshajibu swali lake mwenyewe, na kamati ya mikopo imkatalie kwa upole, akiwa peke yake, asiaibike mbele ya kikao. Afadhali akataliwe hapo kuliko akimbilie mikopo ya simu isiyo na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za namna hiyo zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Sheria nyingine moja ya kikao: hakuna kutoa ushuhuda wa malipo ya mtandaoni wala kutuma kiungo cha kujiunga kwenye kundi la WhatsApp la kikoba. Mwenye kazi nzuri aipeleke kwa kamati, kamati imuulize habari za mnunuzi, ndipo isemwe. Katibu aiandike kwenye muhtasari, kwa sababu siku mpango mpya utakapofika, atakayeuleta huenda akawa mtu anayependwa na wote, na bila maandishi hakuna atakayethubutu kumzuia.

Dakika tano za mwisho zisiwe za maswali. Zitumike simu zikiwa mkononi. Kila mwanachama afungue WhatsApp, aingie Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili, aweke namba sita za siri anazozijua mwenyewe. Zisiwe mwaka wa kuzaliwa, zisiwe zilezile za pesa ya simu. Programu itamwomba barua pepe, na wengi hapo wataruka. Wasiruhusiwe kuruka: asiye na barua pepe, kijana mmoja amsaidie kufungua palepale, neno la siri liandikwe kwenye daftari linalobaki nyumbani. Mtu akisahau zile namba sita na hakuweka barua pepe, anaweza kukaa nje ya WhatsApp yake siku saba. Wakimaliza, wapige *106# waone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao, na mwenye laini asiyoifahamu aende kwenye duka la mtandao husika akaifute kabla ya kikao kijacho.